Mtoto kashiba kalala, mama macho makavu mpaka alfajiri

*"Shikamoo daktari. Nipo Mafinga, mtoto wangu wa pili ana wiki tisa na ananyonya maziwa yangu tu. Akiamka saa nne au saa tano usiku namnyonyesha na kulala tena bila shida. Shida ni ile ya saa tisa. Yeye akishiba analala, mimi nabaki macho mpaka majogoo. Naangalia simu, nahesabu saa zilizobaki. Mama mkwe ananipikia chai ya maziwa jioni ili maziwa yatoke, na kwa baridi hii anatuachia jiko la mkaa chumbani. Asubuhi kichwa kinauma na nakosa subira na mtoto mkubwa. Mume wangu yuko kwenye mashine ya mbao, namwonea huruma kumwamsha. Jirani kaniambia nimeze piritoni mbili. Nifanyeje?"*

Marahaba mama, na hongera kwa mtoto. Naanza na jiko, maana hilo haliwezi kusubiri mpaka kesho.

Mkaa ukishaiva hautoi moshi, ndiyo maana watu wanauona salama kuuingiza ndani. Lakini ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa iitwayo kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Ikiingia kwenye damu inakalia nafasi ya oksijeni, na mtu anaanza kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu. Aliyelala hasikii lolote, na anaweza asiamke kabisa. Kichwa chako cha asubuhi kinaweza kuwa ni cha kukosa usingizi tu, lakini jiulize mambo mawili: je, mumeo au mtoto mkubwa naye huamka na kichwa? Je, maumivu yanapungua ukishakaa nje saa moja hivi? Kama jibu ni ndiyo kwa mojawapo, nendeni hospitali leo wote mliolala chumba hicho, na mtoto, mkaseme wazi kwamba mlilala na jiko. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi. Kuanzia usiku huu jiko lilale nje. Baridi tutaitafutia njia nyingine, na utaona kwamba baridi hiyo hiyo ni sehemu ya tatizo lako la usingizi.

Sasa usingizi wenyewe. Tofauti uliyoiona kati ya saa tano na saa tisa inaeleza karibu kila kitu. Tangu unapoamka asubuhi, mwili unakusanya deni la usingizi, na deni hilo hulipwa kwa haraka zaidi katika saa za mwanzo za usiku, wakati usingizi ni mzito. Saa tano bado unadaiwa sana, kwa hiyo hata ukiamshwa na kuwasha taa na kuzungukazunguka, deni linakurudisha chini lenyewe. Ikifika saa tisa sehemu nzito ya deni imeshalipwa. Tena kuanzia muda huo saa ya mwili inaanza kujiandaa kwa asubuhi: joto la ndani linafika chini kabisa kisha linaanza kupanda, na homoni ya kuamsha iitwayo kotisoli inaongezeka kidogo kidogo kuelekea alfajiri. Usingizi wa saa hizo ni mwepesi kwa binadamu yeyote. Unachokosea saa tano unasamehewa, ukikikosea saa tisa hulali.

Kwa hiyo hujaharibika, wala hukuzaliwa na ugonjwa wa kukosa usingizi. Na kuna jambo linalokusaidia ambalo pengine hulitumii. Mtoto akinyonya, mwili wako unatoa prolaktini na oksitosini, homoni zinazoleta maziwa na pia zinazolegeza mwili na kukuletea kusinzia. Mama wengi wanajua ile hali ya kichwa kuanguka kifuani mtoto akiwa bado kwenye titi. Usingizi huo unakuja wenyewe, bure, kila unaponyonyesha. Swali ni nini kinaufukuza kati ya titi la mwisho na wewe kuweka kichwa kwenye mto.

Nilimhudumia mama mmoja, mwalimu, kutoka vijiji vya huko huko Mufindi, ambaye alikuwa na tatizo kama lako. Sikumpa ushauri wowote siku ya kwanza. Nilimwomba anisimulie usiku wake kuanzia mtoto anapolia mpaka yeye anapolala, bila kuruka kitu. Alikuwa anawasha taa ya juu. Anatembea peku kwenye sakafu ya saruji kwenda kuchukua nepi kwenye kamba ya sebuleni. Anakaa ukingoni mwa kitanda, gauni limeshuka, mabega wazi, dakika thelathini au zaidi, na ilikuwa Julai. Mtoto akimaliza anambeba na kuzunguka naye mpaka abeue. Halafu anashika simu "kuangalia saa tu", na akishaishika anasoma ujumbe wa kikundi cha kikoba na kuanza kuwaza marejesho. Anarudi kitandani na miguu kama barafu, na kichwa kikiwa kwenye hesabu za fedha. Kilichomkesha si mtoto, maana mtoto alikuwa ameshalala muda mrefu.

Miguu hiyo ina maana kuliko inavyoonekana. Ili mtu asinzie, mwili hupunguza joto la ndani kwa kulitoa kupitia ngozi, hasa ya mikono na nyayo. Mishipa ya damu ya miguu inapanuka, nyayo zinapata joto, ndani kunapoa, na usingizi unakuja. Miguu ikiwa imegandishwa na sakafu, mishipa inajibana na joto linabaki ndani, kwa hiyo usingizi unachelewa. Wanaoishi pwani hawaliwazi kabisa jambo hili, ila huku kwetu kuanzia Juni mpaka Agosti naliona kila mara kliniki.

Tulibadilisha mambo machache. Alianza kulala na soksi za sufu na kuziacha miguuni usiku mzima. Nepi mbili kavu, kitambaa na kikombe cha maji ya kunywa viliwekwa jioni juu ya stuli, mkono unapofika. Sweta la kufunguka mbele lilikaa kwenye mto ili alivae kabla ya kutoa mkono nje ya blanketi. Kabla ya kulala alijaza maji ya moto kwenye chupa imara yenye kifuniko kinachobana, akaizungushia kanga na kuiweka chini ya blanketi upande wa miguu yake, mbali kabisa na mtoto. Taa ya juu haikuwashwa tena. Alitumia tochi ndogo iliyoelekezwa ukutani, kwa sababu mwanga mkali ukiingia machoni unakandamiza melatonini, homoni inayouambia mwili kwamba bado ni usiku. Nepi alibadilisha katikati, akitoka titi la kwanza kwenda la pili, ili titi la pili limalizie kazi ya kuwalegeza wote wawili. Na kama nepi ilikuwa na mkojo kidogo tu na mtoto hana upele, aliiacha mpaka asubuhi.

Baada ya siku kama kumi, muda wa kukaa macho ulishuka kutoka saa mbili hadi nusu saa hivi kwa usiku mwingi. Kulikuwa na usiku ambao haukusaidia kabisa, na wewe utaupata pia. Ukiupata usibadili mpango wote.

Sasa chai ya mama mkwe. Najua anakupikia kwa upendo, na si vema kumrudishia kikombe. Lakini kafeini iliyo kwenye majani ya chai hukaa mwilini: kwa mtu mzima, saa tano hivi baada ya kunywa, karibu nusu yake bado ipo kwenye damu. Chai nzito ya saa moja jioni bado inakufanyia kazi usiku wa manane, pale deni la usingizi linapopungua. Kiasi kidogo hupita kwenye maziwa pia, na mtoto mchanga huchukua muda mrefu zaidi kukitoa mwilini. Kinacholeta maziwa ni mtoto kunyonya mara kwa mara na titi kutoka vizuri, pamoja na wewe kunywa kila unaposikia kiu. Majani ya chai hayaongezi kitu hapo. Mwombe, "Mama, jioni naomba uniwekee uji, au maziwa yenye tangawizi au mchaichai, chai nitakunywa asubuhi." Atakuwa bado anakuhudumia kama alivyotaka. Mpaka wa chai na kahawa uwe chakula cha mchana.

Kuhusu mume, sikubaliani na huruma yako, ingawa naielewa. Uko sahihi kwamba mtu anayeshika msumeno wa mashine hapaswi kuamshwa saa tisa usiku. Mtu mwenye usingizi mbele ya mashine ya mbao anaweza kupoteza vidole. Lakini usiku hauna saa tisa peke yake. Yeye anarudi jioni, na saa za mwanzo za usiku ndizo zenye usingizi mzito unaouhitaji. Hapo ndipo msaada wake una thamani, wala hautamgharimu usingizi.

Fanyeni hivi. Mnyonyeshe mtoto saa mbili usiku, kisha wewe nenda kitandani moja kwa moja, vyombo viachwe. Baba au bibi abaki na mtoto chumba kingine mpaka saa nne au tano: ambebe, ampigepige mgongo abeue, ambadilishe, ambembeleze. Akionyesha njaa, aletwe kwako ukiwa umelala, anyonye, na aondolewe bila wewe kukanyaga sakafu. Mama mkwe akiwa na afya njema anaweza pia kuja saa tisa kumchukua mtoto mara tu anapoachia titi, akambeulisha yeye. Wazee wengi saa hizo wako macho hata hivyo. Wewe unageuka na kufunga macho usingizi wa maziwa ukiwa bado upo. Kati ya yote niliyoandika, hili la kukabidhi mtoto ndilo lenye nguvu kuliko mengine, na ndilo akina mama wanaloona aibu kuliomba.

Mkitaka upate saa nne au tano mfululizo, inawezekana kukamua maziwa kwa mkono kwenye kikombe kilichochemshwa, na baba akamnywesha mtoto kwa kikombe. Maziwa yaliyofunikwa yakae mahali pa ubaridi yasizidi saa nne kabla ya kutumika, na yaliyobaki baada ya mtoto kunywa yamwagwe. Kwa wiki tisa maziwa yako yameshatulia, kwa hiyo kuruka mlo mmoja wa usiku mara chache kwa wiki si hatari kubwa. Lakini usiku prolaktini iko juu, na titi lisilotolewa kwa muda mrefu linaweza kujaa, kuuma na hata kupata uvimbe wenye homa. Ukiamka titi limejaa, kamua kidogo mpaka upate nafuu. Binafsi ningeanza na kukabidhi mtoto kwanza, na kukamua kuwe akiba ya usiku mbaya.

Na ikiwa umefanya yote na bado uko macho? Kwanza, simu ilale mbali na mkono wako, ikiwezekana chumba kingine. Kengele kama unaihitaji iwekwe, ila usiangalie saa. Ukijua kwamba ni saa kumi kasoro, ubongo unaanza hesabu, hesabu inaleta hofu, na hofu inapandisha mapigo ya moyo. Pili, acha kuutafuta usingizi kwa nguvu. Lala chali gizani na macho wazi, ujiambie kwamba unapumzisha mgongo tu. Watu wengi husinzia pale wanapoacha kujaribu. Wataalamu wa usingizi hushauri kwamba ukikaa muda ukaona umeanza kukereka, utoke kitandani ufanye kitu kisichosisimua mpaka macho yawe mazito. Ushauri huo ni mzuri, ila kwa baridi ya Mafinga naugeuza: kaa wima hapo hapo kitandani, blanketi mabegani na soksi miguuni, mwanga hafifu, ukunje nguo za mtoto au usali taratibu. Kichwa kikianguka, lala. Ufahamu pia kwamba usingizi mwepesi mara nyingi huhisi kama uko macho. Mama ananiambia hakulala kabisa, mumewe anasema alimsikia akikoroma. Wote wawili wanasema kweli.

Mchana, lala mtoto anapolala ikiwa unaweza, nusu saa au hata saa moja na nusu, ila iwe kabla ya saa tisa alasiri. Kulala saa kumi na moja jioni kunapunguza deni ambalo ungelitumia usiku. Kama umekesha vibaya na unahisi kuanguka, lala wakati wowote. Usalama wako na wa mtoto ni kwanza.

Piritoni usimeze kwa ajili ya usingizi. Ni dawa ya mzio, na kusinzia ni athari yake tu. Inakuacha mzito kiasi cha kutomsikia mtoto, inapita kwenye maziwa na inaweza kumfanya naye asinziesinzie, na kwa baadhi ya akina mama maziwa hupungua. Valiamu ni mbaya zaidi, kwa kuwa hujilimbikiza kwa mtoto anayenyonya. Na kama kuna anayekushauri umpe mtoto uji mwepesi ili alale usiku kucha, mkatalie kwa upole mpaka atimize miezi sita. Tumbo lake halijawa tayari, na wewe saa tisa ungeweza kuwa macho vile vile.

Kuna hatari moja ya uchovu ambayo sitaipita haraka. Ukihisi kusinzia ukiwa na mtoto kifuani, usikae kwenye kochi wala kiti. Mtoto anaweza kuteleza akabanwa kati ya mwili wako na mto asipate pumzi. Heri unyonyeshe kitandani palipoandaliwa: godoro gumu, mtoto alazwe chali baada ya kunyonya, mito na blanketi zito vikae mbali na uso wake. Kwa huku kwetu blanketi zito ndilo ninaloliogopa zaidi. Mvalishe nguo za kutosha badala ya kumfunika mpaka kichwani. Na asilale kitanda kimoja na mtu aliyekunywa pombe, anayevuta sigara au aliyemeza dawa ya usingizi. Kama alizaliwa njiti au na uzito mdogo, alale pembeni yako kwenye sehemu yake mwenyewe.

Mwisho, nataka ujipime. Chagua siku moja mama mkwe amchukue mtoto baada ya kunyonya, atoke naye, nyumba iwe kimya, na huna jukumu lolote kwa saa mbili. Ukilala, basi unachohitaji ni mpangilio na msaada kama nilivyoeleza. Ukishindwa kulala hata hapo, siku baada ya siku kwa wiki mbili, na hasa kama moyo umekuwa mzito, unalia bila sababu, hufurahii chochote au una hofu isiyoisha juu ya mtoto, huo unaweza kuwa mwanzo wa sonona baada ya kujifungua. Nenda kliniki ya mama na mtoto usisubiri tarehe ya chanjo. Wakupime pia damu, kwa sababu upungufu wa damu unaweza kuleta uchovu na miguu isiyotulia usiku, na tezi ya shingo huweza kuvurugika miezi michache baada ya uzazi ikakuacha na mapigo ya moyo ya haraka na macho makavu usiku kucha.

Na hili walisome mumeo na mama mkwe, kwa kuwa mgonjwa mwenyewe mara nyingi haoni: mama akikaa siku mbili tatu karibu bila kulala na bado hachoki, anaongea haraka mfululizo, anamshuku kila mtu, anasikia sauti au anasema mambo ya ajabu kuhusu mtoto, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Asiachwe peke yake na mtoto hata kwa dakika chache. Hali hii huja zaidi wiki za mwanzo baada ya kujifungua, si kurogwa, na ina tiba. Vivyo hivyo ukipata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, mwambie mtu aliye karibu nawe sasa hivi, na mwende pamoja. Hospitali ya wilaya itakuanzishia huduma, na ikihitajika itakupa rufaa.

Ukifika kliniki, usiseme "nimechoka". Muuguzi anasikia neno hilo kwa kila mama mwenye mtoto mchanga, na atakujibu kwamba ni kawaida. Sema hivi: "Silali hata mtoto akiwa amelala," kisha mtajie ni tangu lini na mara ngapi kwa wiki.